Mchele wa Magu, sabuni ya Kenya na sangara asiye na mwenyewe

Pale Mwaloni Kirumba magunia ya dagaa hupakiwa kwenda Kongo, Rwanda na Burundi. Ingia madukani mjini Mwanza utakuta sabuni na ndoo za plastiki zilizotoka viwanda vya Kenya. Anayeviona vitu hivyo viwili siku moja hakosi kulalamika: nchi yenye ardhi yote hii na vijana wote hawa, hata sabuni tuletewe? Nimelisikia lalamiko hilo kwenye daladala na hata kwa watu waliosoma uchumi hadi chuo kikuu. Lina chembe ya kweli, na nitaifikia. Lakini limeanzia pabaya. Linapima nani anaweza kutengeneza nini, wakati kinachoamua nani atengeneze nini ni kile anachokiacha ili akitengeneze.

Wavuvi wa dagaa hawahitaji kufundishwa jambo hili. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: taa zinawashwa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za sola, dagaa wanakusanyika kwenye mwanga na nyavu zinavutwa. Mwezi ukikomaa, mwanga wa taa unamezwa na mbalamwezi, dagaa wanatawanyika, na kambi inapumzika kwa siku kama 10 hivi. Mwenye shamba karibu na mwalo anapalilia siku hizo. Akipalilia wakati wa giza, palizi imemgharimu dagaa wa usiku mzima, maana aliyeshinda juani na jembe hawezi kukesha majini. Akipalilia wakati wa mbalamwezi, imemgharimu usingizi tu. Jembe ni lile lile na magugu ni yale yale. Hicho alichokiacha ndicho wachumi wanakiita gharama ya fursa, na hakuna risiti inayokiandika.

Tulipeleke jambo hilo kwenye ngazi ya nchi, kwa jedwali dogo la namba za kubuni nilizozichagua ziwe nyepesi. Mfanyakazi mmoja wa Kenya, kwa msimu mmoja, anaweza kutoa magunia 6 ya mchele, au akiacha mchele, katoni 30 za sabuni. Mwenzake wa Tanzania anaweza kutoa magunia 5 ya mchele, au katoni 10 za sabuni. Nimempa Mkenya ushindi kwenye vyote viwili kwa makusudi. Hata kwenye mchele si jambo gumu kulifikiria: mashamba ya Ahero, karibu na Kisumu, yanamwagiliwa, wakati majaruba mengi ya huku kwetu Magu yanasubiri mvua. Na gunia hapa ni la uzito mmoja pande zote mbili. Anayelinganisha gunia la kawaida na la rumbesa ameharibu hesabu kabla hajaianza.

Anayezitazama namba hizo kama ligi ya mpira atasema Kenya itengeneze vyote, Tanzania ikae benchi. Sasa ziulize namba zenyewe kila nchi inaacha nini. Kenya ikitaka gunia moja la mchele inaacha katoni 30 gawanya kwa 6, yaani katoni 5. Tanzania inaacha 10 gawanya kwa 5, yaani katoni 2. Gunia la Ahero linakula katoni 5 za sabuni, la Magu linakula 2. Kwa kipimo hicho mchele rahisi ni wa Tanzania, ijapokuwa mkulima wetu anavuna kidogo zaidi. Geuza upande wa sabuni: katoni moja inaigharimu Kenya sehemu ya tano ya gunia, na Tanzania inaigharimu nusu gunia. Sabuni rahisi ni ya Kenya.

Hiyo ndiyo faida linganishi, na ina tabia moja inayosaidia kukagua kazi yako. Nchi moja haiwezi kuwa nayo kwenye bidhaa zote mbili, kwa sababu gharama za sabuni ni zile za mchele zilizopinduliwa. Mwanafunzi anayepata jibu kwamba Kenya imechukua vyote amekosea mahali, arudi kwenye kugawanya. Na endapo uwiano ungekuwa sawa, tuseme Kenya 6 kwa 30 na Tanzania 2 kwa 10, kusingekuwa na sababu ya yeyote kubobea katika chochote, ingawa Kenya ingekuwa mbele mara tatu kwenye kila kitu. Ukubwa wa pengo hauleti biashara. Biashara inaletwa na tofauti ya uwiano.

Tuone kama kweli kuna kinachoongezeka. Kila nchi ina wafanyakazi 100, na mwanzoni kila moja inajitegemea, nusu ya watu kwenye mchele na nusu kwenye sabuni. Tanzania inapata magunia 250 na katoni 500. Kenya inapata magunia 300 na katoni 1,500. Halafu Tanzania inahamishia watu wote 100 kwenye mchele na kuvuna magunia 500. Kenya inabakiza watu 10 shambani, wanaotoa magunia 60, na 90 wanakwenda kiwandani kutoa katoni 2,700. Wanakubaliana gunia moja kwa katoni 3, na Tanzania inapeleka magunia 240. Kenya inabaki na magunia 300, yale yale ya mwanzo, na sabuni katoni 1,980 badala ya 1,500. Tanzania inabaki na magunia 260 badala ya 250, na katoni 720 badala ya 500. Hakuna aliyeongeza hata saa moja ya kazi, wala hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Angalia pia kwamba Kenya haikuacha kulima kabisa. Watu wengi wanadhani kubobea ni kufuta kila kitu kingine, ilhali mezani hapa mwenye nguvu zaidi ndiye aliyebaki na mguu mmoja shambani.

Kwa nini katoni 3? Ingeweza kuwa 4, au 2 na nusu. Kinachojulikana kwa uhakika ni mipaka. Chini ya katoni 2 kwa gunia, Tanzania ina nafuu itengeneze sabuni yake. Juu ya 5, Kenya ina nafuu ilime mchele wake. Katikati ya 2 na 5 ni mazungumzo, na hapo nguvu ya anayezungumza ina uzito. Ikiwa gunia litauzwa kwa katoni 2 na robo, Tanzania bado imepata faida, ila karibu faida yote imevuka mpaka. Wanaosema biashara inamfaidisha kila mmoja wanasema kweli, lakini hawasemi ni kwa kiasi gani, na mkulima wa Magu anaishi kwenye hicho kiasi.

Kati ya 2 na 5 ndimo pia linamopita lori. Nauli ya kutoka Magu hadi Sirari, ushuru mdogo mdogo wa njiani, siku za kusubiri mpakani na za kwenda Kisumu, vyote vinalipwa kutoka kwenye nafasi hiyo, ambayo upana wake ni 5 kutoa 2, yaani katoni 3. Vikifikia thamani ya katoni 3 kwa kila gunia, biashara imekufa, na hesabu nzuri ya juu inabaki ubaoni. Serikali nayo inaweza kuiua kwa barua moja. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na ingawa siku chache baadaye ilifungua mpaka kwa masharti, aliyekuwa na shehena barabarani alikwishaumia. Mkulima aliyewahi kuonja zuio kama hilo anapopanga msimu ujao haihesabu tena nafasi hiyo kuwa katoni 3 kamili. Anaipunguza kwa hofu, na ana haki ya kuipunguza.

Kuna mtego mmoja unaowaangusha hata walioielewa hesabu hii, nao unahusu namna namba zinavyopangwa. Mimi nimeandika kiasi kinachotolewa na mtu mmoja, kwa hiyo namba kubwa ni nzuri. Mchumi Mwingereza David Ricardo, aliyeiweka hoja hii mwaka 1817, aliandika kinyume chake: watu wangapi wanahitajika kwa mwaka kutoa kiasi fulani cha bidhaa. Uingereza ilihitaji watu 100 kwa vitambaa na 120 kwa mvinyo. Ureno ilihitaji watu 90 kwa vitambaa na 80 kwa mvinyo. Hapo namba ndogo ndiyo nzuri, na Ureno inashinda kote. Mvinyo wa Uingereza unakula watu 120 ambao kwenye vitambaa wangetoa fungu 1 na sehemu 2 za kumi. Mvinyo wa Ureno unakula watu 80, ambao wangetoa chini kidogo ya sehemu 9 za kumi za fungu. Ureno itengeneze mvinyo, Uingereza vitambaa. Ukizisoma namba hizo hizo kwa kanuni ya jedwali langu utaipeleka Uingereza kwenye mvinyo, na hesabu yako itaonekana safi kabisa. Kabla ya kugawanya jiulize: namba ikipanda, ni heri au ni hasara?

Sasa ile chembe ya kweli ya mlalamikaji wa daladala. Uwiano wa 30 kwa 10 kwenye sabuni haukushuka kutoka mbinguni. Sabuni nyingi za ukanda huu hutengenezwa kwa mafuta ya mawese yanayotoka Asia kwa meli. Kenya hailimi mawese ya maana. Ina bandari ya Mombasa, viwanda vya miaka mingi, umeme na wasambazaji wanaojua njia za kufika hadi vijijini kwetu. Vitu hivyo vilijengwa, na vilivyojengwa kule vinaweza kujengwa hapa. Ikitokea siku mfanyakazi wa Tanzania akatoa katoni 25 badala ya 10, gunia lake la mchele litakuwa linakula katoni 5, sawa na la Kenya, na sababu ya biashara hiyo itakuwa imeyeyuka. Kwa hiyo jedwali linatueleza cha kufanya msimu huu. Kama linapaswa kubaki hivyo kwa miaka 20 ni swali jingine, na anayetumia jedwali la leo kukataa kiwanda cha kesho anaibebesha hesabu mzigo isiouweza.

Lakini na sisi tusijidanganye upande wa mchele. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliuwekea mchele wa kutoka nje ya Jumuiya ushuru wa 75%, na Kenya kwa miaka mingi imeruhusiwa kutoza 35% badala yake, hasa kwa ajili ya mchele wa Pakistani. Mchele wetu unaingia Kenya bila ushuru huo. Kwa hiyo tunapoona malori ya mchele yakivuka Sirari hatuwezi kusema moja kwa moja kwamba tumeishinda dunia kwa faida linganishi. Tunachojua ni kwamba tumeishinda Kenya, na kwamba Pakistani inakimbia nasi ikiwa na jiwe mgongoni. Kuuza si ushahidi wa kutosha. Inabidi uangalie na bei imeshikiliwa na nini.

Hapo ndipo ninapofika kwenye sangara, na kwangu hapa ndipo hoja yote inapopata meno. Kwa kila kipimo cha kawaida sangara ndiye bidhaa ya kubobea Mwanza. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaenea, na kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajipanga ufukweni kupeleka Ulaya. Mabondo yake, yaani vifuko vya hewa vya tumboni, yanakwenda China kwa bei inayofanya nyama yenyewe ionekane kama nyongeza. Weka mfanyakazi mmoja kwenye mtumbwi wa sangara na mwenzake kwenye shamba la pamba, linganisha fedha, na jedwali litakuambia acha pamba. Wengi waliacha.

Gharama ya fursa iliyo kwenye jedwali hilo ni ipi? Ni pamba ambayo mvuvi hakuilima. Ongeza petroli, nyavu, barafu na mgao wa tajiri mwenye mtumbwi. Kuna gharama moja haimo: sangara wa kesho. Sheria ya Tanzania inakataza kuvua sangara chini ya sentimita 50, ili akue, maana majike makubwa ndiyo yanayozaa kwa wingi. Chukua sangara mchanga wa nusu kilo aliyenaswa na kokoro leo. Akiachwa hadi afike sentimita 50 anakaribia kilo moja na nusu. Tuseme nusu ya walioachwa wanakufa njiani. Basi kwa wastani kila aliyeachwa ana thamani ya robo tatu ya kilo. Kumvua leo kwa nusu kilo kumeigharimu jamii robo tatu ya kilo, kabla hata ya kuhesabu mayai. Hiyo ni bidhaa inayozalishwa kwa hasara, ingawa kila aliyeigusa ametengeneza hela.

Mvuvi si mjinga. Hesabu yake ni nyingine. Akimrudisha majini samaki mchanga yule, uwezekano wa kumkuta yeye mwenyewe miezi ijayo ni karibu na sifuri. Atavuliwa na kambi jirani, au ataogelea hadi Uganda. Kwake yeye gharama ya fursa ya samaki mchanga ni sifuri, na kwa ziwa ni robo tatu ya kilo. Namba zote mbili ni sahihi, kila moja kwa mwenyewe. Tatizo ni kwamba bei ya minofu inaundwa na namba ya mvuvi. Kitu kinachomgharimu mzalishaji chini ya thamani yake halisi kitaonekana daima kina faida linganishi, kitavutia watu kutoka shambani na kiwandani, na kitauzwa nje kwa fahari mpaka kianze kupungua. Viwanda vya minofu kandokando ya ziwa vimepunguza kazi na vingine vimefungwa kwa kukosa samaki. Magazeti yakiandika habari hiyo huitaja kama bahati mbaya, au kama wizi wa wavuvi haramu. Kwa maoni yangu ni jedwali lililosomwa vibaya kwa miaka 30, na operesheni za kuchoma nyavu haziligusi.

Suala linakuwa gumu zaidi kwa sababu ziwa lina nchi tatu. Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Kwenye mchele Tanzania ikiamua kuacha jaruba lipumzike, jaruba ni lake na litamsubiri. Kwenye sangara tukiacha sisi tu, gharama tunailipa sisi na mavuno yanagawanywa kwa wote. Ndiyo maana kuuliza nchi ipi kati ya tatu ibobee kwenye sangara ni kuuliza kitu kisicho na jibu ndani ya jedwali la Ricardo. Jedwali lake linadhani kila nchi inaacha kilicho chake. Hapa kila nchi inaacha cha mwenzake. Chombo cha pamoja cha uvuvi chenye makao Jinja kipo tangu 1994, na kazi yake halisi ingekuwa kuifanya namba ya mvuvi isogelee namba ya ziwa, kwa kiwango kimoja cha ukubwa wa samaki kinachopimwa mlangoni mwa kila kiwanda, pande zote tatu, siku ile ile. Kiwanda kina mlango mmoja. Ziwa lina mialo isiyohesabika. Mimi ningeweka mpimaji mlangoni kabla sijaweka boti ya doria.

Siku hizi jibu linalotolewa Mwanza ni vizimba vya sato, na serikali imetoa mikopo kwa ajili hiyo. Kwa hesabu yetu vizimba vina sifa moja kubwa: sato wa kizimbani ana mwenyewe. Kifaranga kimenunuliwa, chakula kimenunuliwa, na mwenye kizimba akimvua akiwa mdogo anajiibia mwenyewe, kwa hiyo anasubiri. Bei ya sato huyo inabeba gharama yake karibu yote, na ikiwa bado inashindana na kuku au na samaki wa kuagizwa kutoka China, hapo naweza kuamini kwamba tuna faida linganishi ya kweli. Neno la kuangalia hapo ni hilo “karibu yote”. Chakula cha samaki kinahitaji protini, na protini iliyo karibu na rahisi ni dagaa, wale wale wanaopakiwa Mwaloni kwenda kuwa mboga Kongo na Burundi. Msimu wa mvua, dagaa wasipokauka vizuri kwenye chanja na mchangani, huuzwa kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo, na hapo kumpa sato dagaa aliyeharibika hakumnyimi mtu mlo. Wakati wa kiangazi, dagaa wakiwa weupe na wakavu, kila gunia linaloingia kwenye mashine ya chakula cha samaki limetolewa kwenye sufuria ya mtu, na dagaa wenyewe, kama sangara, hawana mwenyewe.